Barua ya kuomba kurejeshewa makato ya mshahara yaliyokatwa kimakosa

Barua ya kuomba kurejeshewa makato ni barua rasmi ambayo mwajiriwa humwandikia mhasibu au kitengo cha mishahara, akieleza kwamba fedha fulani imekatwa katika mshahara wake pasipo stahili, na kuomba kosa hilo lisahihishwe na fedha hiyo irejeshwe katika mshahara wa mwezi unaofuata. Ni barua fupi, ambayo kwa kawaida haizidi ukurasa mmoja. Ugumu wake umo katika uteuzi wa maneno. Kiswahili huonyesha kwa viambishi vya kitenzi ni nani anayetoa fedha na ni nani anayeipokea, na kiambishi kimoja kikikosewa, ombi huweza kusomeka kinyume cha makusudio ya mwandishi. Aidha, baadhi ya maneno yanayodhaniwa kuwa visawe huingizwa na mhasibu katika safu tofauti za hesabu, na mwajiriwa hupata kiasi tofauti kulingana na neno lililotumika.

Makala haya yanachunguza barua hiyo kwa kutumia mfano mmoja wa Tanzania Bara, yakieleza istilahi zake, mpangilio wake na makosa yanayojitokeza mara kwa mara. Tofauti za matumizi ya Kenya zimeelezwa mwishoni.

Istilahi za msingi

*Makato* ni fedha inayoondolewa katika mshahara kabla mwajiriwa hajalipwa. Neno hili huonekana zaidi katika wingi, lakini umoja wake, *kato*, hutumika pale inapobidi kutenga kitu kimoja kati ya vingi: *kato la karadha*, *kato la bima*. Katika barua ya aina hii umoja una faida kubwa. Anayeandika *makato yangu si sahihi* anamlazimisha mhasibu kupitia mistari yote, na anayeandika *kato la karadha la Septemba 2024 si sahihi* anamwonyesha mstari mmoja.

*Mshahara wa msingi* ni kiwango kilichoandikwa katika mkataba kabla ya posho. *Mshahara ghafi* ni jumla ya mshahara wa msingi na posho kabla ya makato. *Mshahara halisi* ni kiasi kinachobaki baada ya makato yote na kuingizwa benki. Mwandishi anayesema tu *mshahara wangu umepungua* hajasema ni upi kati ya hiyo mitatu. Kupungua kwa mshahara wa msingi ni badiliko la mkataba, na kupungua kwa mshahara halisi huweza kuwa kosa la hesabu la mwezi mmoja.

*Hati ya mshahara* ni karatasi au ukurasa wa mtandaoni unaoonyesha mapato na makato ya mwezi. Katika mazungumzo huitwa *slipu ya mshahara* au *salari slipu*. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri aambatanishe malipo na maelezo ya maandishi yanayoonyesha ujira, makato na sababu za makato hayo. Kwa hiyo hati hii ndiyo ushahidi wa kwanza wa mwombaji.

*Karadha* ni fedha ambayo mwajiri humtangulizia mwajiriwa na kuikata kidogo kidogo katika mishahara inayofuata. Neno hili lisichanganywe na *masurufu*, ambayo ni fedha anayopewa mtumishi kwa ajili ya kazi ya ofisi, kama vile safari au ununuzi, na ambayo hurejeshwa kwa kuwasilisha stakabadhi za matumizi. Deni la masurufu hufutwa kwa stakabadhi, ilhali la karadha hufutwa kwa makato. Mtumishi aliyekatwa kwa sababu ya karadha akiandika *masurufu*, mhasibu atamdai stakabadhi zisizokuwepo.

*Kitengo cha mishahara*, *orodha ya mishahara* na *mfumo wa mishahara* ni dhana tatu ambazo Kiingereza huzieleza kwa neno moja. Mfasiri analazimika kuamua. Barua hupelekwa kwa *kitengo*, jina la mwajiriwa limo katika *orodha*, na kato huondolewa katika *mfumo*.

Mfano: karadha iliyokwisha kulipwa

Mfano unaofuata ni wa kubuni, lakini hesabu zake zinafuata viwango halisi vya kodi vilivyoanza kutumika Tanzania Bara mwezi Julai 2021.

Mwajiriwa analipwa mshahara ghafi wa Sh. 900,000 kwa mwezi. Februari 2024 alipewa karadha ya Sh. 450,000, akakubali kwa maandishi kukatwa Sh. 75,000 kwa miezi sita, kuanzia Machi hadi Agosti. Mwezi Septemba mstari wa karadha ukajitokeza tena. Hati yake ya mshahara ya mwezi huo ilisomeka hivi:

- Mshahara ghafi: 900,000
- Mchango wa hifadhi ya jamii (asilimia 10): 90,000
- Kodi ya mapato ya ajira: 80,500
- Karadha: 75,000
- Mshahara halisi: 654,500

Kodi hapa imekokotolewa baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii. Kiasi kinachotozwa kodi ni Sh. 810,000, na kodi yake ni Sh. 68,000 kwa Sh. 760,000 za kwanza, pamoja na asilimia 25 ya Sh. 50,000 zilizosalia. Kato la karadha huja baada ya kodi na haliibadilishi. Kama mstari wa karadha usingekuwepo, mshahara halisi wa Septemba ungekuwa Sh. 729,500.

Kosa la namna hii aghalabu hutokea pale kato linapoingizwa katika mfumo bila tarehe ya mwisho. Mfumo huendelea kukata mpaka mtu auzuie. Mwajiriwa hulitambua kwa kuhesabu awamu katika hati zake. Awamu sita za Sh. 75,000 ni Sh. 450,000 kamili, na ya saba haina deni la kulipa. Hoja yake ya kisheria inatokana na hesabu hiyo hiyo. Kifungu cha 28 cha sheria iliyotajwa kinamzuia mwajiri kukata chochote katika ujira isipokuwa kato hilo limetakiwa au limeruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mwajiriwa mwenyewe amekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Ridhaa ya mwajiriwa huyu ilikuwa ya Sh. 450,000. Ilipofika awamu ya saba, ridhaa hiyo ilikuwa imekwisha.

Barua yenyewe

> (Jina kamili)
> Namba ya ajira: ………
> Idara ya Ghala
> S.L.P. ………
> 27 Septemba 2024
>
> Mhasibu wa Mishahara,
> (Jina la kampuni),
> S.L.P. ………
>
> K.K. Mkuu wa Idara ya Ghala
>
> Ndugu,
>
> YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA KATO LA KARADHA NA KUREJESHEWA SH. 75,000 ZILIZOKATWA KIMAKOSA SEPTEMBA 2024
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mwezi Februari 2024 nilipewa karadha ya Sh. 450,000, nikakubali kukatwa Sh. 75,000 kila mwezi kwa miezi sita, kuanzia Machi hadi Agosti 2024. Awamu zote sita zimekatwa, kama zinavyoonekana katika hati za mshahara nilizoambatisha, na deni lilikwisha tarehe ya malipo ya Agosti.
>
> Hata hivyo, katika mshahara wa Septemba 2024 nimekatwa tena Sh. 75,000 (shilingi elfu sabini na tano tu) chini ya mstari wa karadha. Kwa sababu hiyo nimelipwa mshahara halisi wa Sh. 654,500 badala ya Sh. 729,500.
>
> Kwa barua hii naomba yafuatayo:
>
> 1. Kato la karadha lisimamishwe kabla ya orodha ya mishahara ya Oktoba 2024 kufungwa.
> 2. Nirejeshewe Sh. 75,000 kwa mkupuo mmoja pamoja na mshahara wa Oktoba 2024, kwa kufuta kato lililozidi.
> 3. Nipatiwe taarifa ya karadha yangu inayoonyesha kuwa salio ni sifuri.
>
> Nitashukuru kupata majibu kwa maandishi.
>
> Wako mtiifu,
> (Sahihi)
> (Jina kamili)
>
> Viambatisho: 1. Makubaliano ya karadha, Februari 2024, 2. Hati za mshahara, Machi hadi Septemba 2024.
>
> Nakala: Afisa Rasilimali Watu.

Kukatwa, kukatiwa na kukatika

Kitenzi *kata* kinapoingia katika kauli ya kutendwa humfanya mwajiriwa kuwa kiima, naye hubaki na kiasi cha fedha kama yambwa: *nimekatwa Sh. 75,000*. Muundo huu ni sanifu, na una manufaa ya adabu kwa kuwa haumtaji mkataji. Barua inalalamikia kato bila kumshutumu mhasibu, ambaye huenda hakuwa hata ofisini mfumo ulipokata. Mwandishi anayeanza kwa *mmenikata fedha zangu* hajavunja kanuni ya sarufi, lakini ameligeuza ombi kuwa mashtaka kabla msomaji hajaona ushahidi.

*Kukatiwa* kuna maana nyingine. Kauli ya kutendea humaanisha kufanyiwa jambo kwa faida au kwa niaba: *amekatiwa tiketi*, *amekatiwa bima*. Aliyekatiwa bima amenunuliwa bima na mtu mwingine, na aliyekatwa bima ameondolewa fedha ya bima katika mshahara wake. Kwa hiyo sentensi *nimekatiwa Sh. 75,000 za karadha* humwacha msomaji akijiuliza ni nani aliyenufaika.

*Kukatika*, kauli ya kutendeka, huonyesha hali bila mtendaji yeyote: *kamba imekatika*, *umeme umekatika*. Sentensi *mshahara wangu umekatika* husomeka kana kwamba mshahara umekoma kabisa kuingia. Hilo ni tatizo tofauti, na hushughulikiwa na ofisa tofauti.

Kurejesha, kurejeshwa na kurejeshewa

Hapa ndipo barua nyingi huharibika. *Rejesha* ni kufanya kitu kirejee kilikotoka, na anayerejesha ndiye aliyekuwa na kitu. Mwajiriwa akiandika *naomba kurejesha Sh. 75,000*, kisarufi anaomba yeye mwenyewe atoe fedha hiyo. *Naomba Sh. 75,000 zirejeshwe* ni sahihi, lakini haisemi zirejeshwe kwa nani. Zinaweza kurejeshwa katika akaunti ya karadha, zikakaa huko kama ziada. *Naomba nirejeshewe Sh. 75,000* inakamilisha maana. Kiambishi cha kutendea kinamweka mwombaji kuwa mpokeaji, na cha kutendwa kinamwacha mwajiri kuwa mtoaji bila kumtaja.

Nomino *marejesho* inahitaji tahadhari zaidi. Katika vikundi vya mikopo na katika vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, *marejesho* ni fedha ambayo mkopaji humlipa mkopeshaji: *siku ya marejesho*, *kuchelewesha marejesho*. Barua yenye kichwa *Yah: Marejesho ya karadha* inaweza kupelekwa katika jalada la wadaiwa kabla ya kusomwa. Kichwa kinachotumia kitenzi, *ombi la kurejeshewa*, hakina utata huo.

*Rudishia* na *rudishiwa* hubeba maana ile ile, ila huelemea mazungumzo ya kila siku. *Rejeshewa* ndilo linalozoeleka katika maandishi ya ofisi. *Fidia* halifai katika mfano huu, kwani ni malipo ya kuziba hasara au madhara, na anayeomba fidia anadai kitu zaidi ya fedha iliyokatwa. Benki ikimtoza mwajiriwa faini kwa sababu mshahara wake haukutosha kulipia mkopo, faini hiyo yaweza kuombewa fidia, lakini ombi hilo liwe aya yake yenyewe, lisichanganywe na Sh. 75,000.

Neno linaloathiri kodi

Maneno mawili yenye sura ya uungwana huweza kumpunguzia mwombaji fedha. La kwanza ni *kuongezewa*: *naomba niongezewe Sh. 75,000 katika mshahara wa Oktoba*. La pili ni *malimbikizo*: *naomba nilipwe malimbikizo yangu*. Malimbikizo ni mshahara uliostahili kulipwa zamani na haukulipwa. Yote mawili yanaelekeza upande wa mapato wa hati ya mshahara, na kilichoingizwa upande wa mapato hutozwa kodi.

Kwa mwajiriwa wa mfano wetu, Sh. 75,000 zikiingizwa kama posho, zitaangukia katika kundi la asilimia 25 na kutozwa Sh. 18,750. Atapokea Sh. 56,250, hata kabla ya kuuliza kama mchango wa hifadhi ya jamii nao umekatwa juu yake. Lakini fedha hiyo ilikwisha kutozwa kodi mwezi Septemba, kwa kuwa kato la karadha lilikuja baada ya kodi. Itakuwa imetozwa mara mbili. Ndiyo maana ombi la pili la barua linasema *kwa kufuta kato lililozidi*. Maneno hayo yanamwongoza mhasibu aingize kiasi hicho upande wa makato kikiwa na alama ya kutoa, na mshahara halisi wa Oktoba uwe Sh. 804,500, yaani 729,500 na 75,000. Mwajiriwa anaweza kukagua matokeo kwa kutazama mstari wa kodi. Ukibaki Sh. 80,500, marekebisho yamefanyika ipasavyo. Ukipanda, fedha imeingizwa kama pato.

Kanuni hii hugeuka pale kato lililozidi ni mchango wa hifadhi ya jamii, kwa sababu mchango huo huondolewa kabla ya kodi. Tuseme mwajiriwa yule yule amekatwa Sh. 108,000 badala ya Sh. 90,000. Kiasi kinachotozwa kodi kilishuka hadi Sh. 792,000, na kodi ikawa Sh. 76,000 badala ya Sh. 80,500. Amekatwa Sh. 18,000 zaidi upande mmoja na Sh. 4,500 pungufu upande wa pili, hivyo anachodai hasa ni Sh. 13,500. Katika hali hiyo haifai kutaja kiasi kimoja na kukisisitiza. Kitenzi kifaacho ni *kukokotoa upya*: *naomba mchango na kodi ya Septemba 2024 vikokotolewe upya, nami nirejeshewe tofauti itakayopatikana*.

Linalofanana na hilo ni kato ambalo mwajiri hakubaki nalo. Karadha ni fedha ya mwajiri, naye anaweza kuirejesha mwenyewe. Lakini makato ya mikopo ya elimu ya juu hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na michango ya hifadhi ya jamii hupelekwa katika mfuko husika. Kwa makato hayo mhasibu anaweza kusimamisha kato mwezi unaofuata, lakini fedha iliyokwisha kupelekwa haimo tena mikononi mwake. Barua huongezewa kiambatisho cha taasisi husika kinachothibitisha kuwa deni limekwisha, na ombi la kurejeshewa huelekezwa pia kwa taasisi hiyo.

Mwezi ujao ni mwezi upi?

*Mwezi ujao* ni kielezi kinachotegemea siku ya kusema. Katika barua iliyoandikwa tarehe 27 Septemba, mwezi ujao ni Oktoba. Barua hiyo hiyo ikicheleweshwa kwa mkuu wa idara na kumfikia mhasibu tarehe 3 Oktoba, anaweza kuusoma mwezi ujao kuwa Novemba, na asiwe amekosea. *Mwezi huu* na *mwezi uliopita* vina kasoro hiyo hiyo. Dawa ni kutaja mwezi kwa jina na mwaka wake: *mshahara wa Oktoba 2024*.

Tofauti nyingine ni kati ya *mshahara wa Oktoba* na *mshahara unaolipwa Oktoba*. Ofisi nyingi hulipa ndani ya mwezi wenyewe, lakini zipo zinazolipa siku za mwanzo za mwezi unaofuata. Palipo na desturi hiyo, mwandishi ataje tarehe ya malipo.

Tarehe ya barua nayo ina uzito. Kila ofisi huwa na siku ya kufunga orodha ya mishahara, ambayo hutangulia siku ya malipo, na ombi linalofika baada ya siku hiyo husubiri mzunguko mwingine. Isitoshe, endapo mwajiri atakataa, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Kwa hiyo mwajiriwa hubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua pepe hutosheleza haja hiyo iwapo ofisi inaitambua. Kichwa cha habari kiwe kile kile, anwani za posta ziachwe, na hati za mshahara ziambatishwe.

Kusimamisha, kusahihisha na kurekebisha

Barua ina maombi mawili yasiyopaswa kumezana: kosa lisiendelee, na fedha irudi. Mwandishi anayeomba kurejeshewa peke yake huweza kurejeshewa Sh. 75,000 mwezi Oktoba na kukatwa Sh. 75,000 katika hati hiyo hiyo, kwa kuwa kato bado limo katika mfumo. Mshahara halisi utakuwa Sh. 729,500, kiasi kinachoonekana sahihi kwa macho, ilhali fedha ya Septemba haijapatikana. Kwa sababu hiyo *lisimamishwe* linatangulia *nirejeshewe*.

*Sahihisha* ni kuondoa kosa katika kilichoandikwa, na huelekea kumbukumbu ya mwezi uliopita. *Rekebisha* ni kuweka sawa, na huweza kusomeka kama kubadili kiwango: *kurekebisha kato la karadha* laweza kueleweka kuwa ni kulipunguza kutoka Sh. 75,000 hadi Sh. 50,000. Panapohitajika kato liondoke kabisa, *simamisha* au *ondoa* ni wazi zaidi.

Kuhusu kosa lenyewe, *kimakosa* linatosha. *Kato batili* ni istilahi ya kisheria, na hufaa baada ya ombi la kwanza kukataliwa. *Kato haramu* na *wizi* humtuhumu mtu kwa jinai, nalo si jambo la kuandikwa kwa sababu ya mstari uliokosa tarehe ya mwisho. Kwa upande wa pili, hapana haja ya kujishusha: *naomba mnisaidie*, *kwa huruma yenu*. Fedha inayoombwa ni ujira wa mwombaji. *Naomba* pamoja na dhamira tegemezi, *lisimamishwe*, *nirejeshewe*, *nipatiwe*, huhifadhi adabu bila kugeuza haki kuwa hisani.

Kanuni za mwandiko wa ofisi

*YAH* ni ufupisho wa *yahusu*. *K.K.* ni *kupitia kwa*, nayo huonyesha kwamba barua itapitia kwa mkuu wa idara kabla ya kumfikia mhasibu. *Husika na kichwa cha habari hapo juu* ni fomula iliyozoeleka Tanzania. Wapo walimu wanaoipinga kwa hoja kwamba haiongezi taarifa yoyote, na barua inayoiacha na kuingia moja kwa moja katika aya ya maelezo haina kasoro.

Kiasi huandikwa kwa tarakimu na kurudiwa kwa maneno mara moja, pale kinapotajwa kama fedha inayodaiwa. *Tu* mwishoni mwa maneno huzuia kuongezwa kitu. Upatanisho wa *shilingi* ni wa ngeli ya I-/ZI-: *shilingi elfu sabini na tano zirejeshwe*, wala si *irejeshwe*. *Fedha* ikikusudiwa kama jumla moja huchukua umoja: *fedha hiyo irejeshwe*.

Matumizi ya Kenya

Barua rasmi za Kenya hutumia *KUH* (kuhusu) au *MINT* (mintarafu) mahali pa *YAH*, na maamkizi huwa *Kwa Bw./Bi.* badala ya *Ndugu*. Viwango vya kodi na michango ni vingine, hivyo hesabu za mfano huu hazihamishiki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inashughulikia makato katika kifungu cha 19 na hati ya mshahara katika kifungu cha 20. Mfasiri anayehamisha barua kutoka nchi moja kwenda nyingine hubadilisha vifungu, viwango na vifupisho, ila tofauti za *kukatwa* na *kukatiwa*, *kurejesha* na *kurejeshewa* hubaki zile zile.